Siku Wanaume Walipofutwa

Kuna watu wanaotapika wakiona damu. Mimi kinachonichefua ni mwanaume aliyeshika simu ya mkewe, amekunja uso, kidole gumba kikipanda na kushuka kama anachambua mchele. Nimeishi na harufu za Mwaloni, soko letu la samaki pale Kirumba, tangu miaka ya tisini. Nimekaa jirani na mapanki ya sangara, yale mabaki ya viwandani, yakiwa yameanikwa juani, na nimekula ugali wangu palepale huku nzi wakinisalimia. Sikuwahi kuziba pua. Lakini hilo la simu hunipanda hadi kooni, na najua kabisa lilianza siku gani.

Kabla ya Mwaloni nilikuwa karani wa ushirika wa pamba. Ilipokuja ile miaka ya ruhusa, biashara ikafunguliwa kwa kila mwenye mtaji, wanunuzi binafsi walimiminika vijijini, ghala letu likabaki la popo, na sisi makarani tukaambiwa tukasubiri nyumbani. Nilisubiri wiki chache, nikachoka. Nikachukua ndoo mbili na turubai, nikashuka Kirumba kununua dagaa wa kisiwani na kuwauza kwa watu wa bara.

Wakati huo ukitaka kuagiza mzigo kisiwani uliandika kikaratasi, ukakikunja, ukampa mtu wa mtumbwi. Hata vikaratasi hivyo vilikuwa na wachunguzi wake. Mume wa jirani yangu mmoja alikuwa akivikunjua na kuvinusa, eti asije akakuta manukato. Manukato, kwenye karatasi iliyosafiri na dagaa. Nilidhani upuuzi ule utaondoka na karatasi zake.

Miaka ikaenda, zikaja simu za tachi. Sisi akina mama wanunuzi tulikuwa tumeshaunda kikundi, nami kwa sababu ya ukarani wangu wa zamani nikawekwa katibu. Mwenyekiti wetu alikuwa mama wa Kihaya kutoka Kagera, mtu wa usafi na mpangilio. Hata magunia yake yalipangwa yakiwa yametazama upande mmoja. Shida yetu ilikuwa namba. Huyu anamjua mwenye mitumbwi, yule anamjua dereva wa Fuso, na mwenye namba akiugua au akisafiri, wote tumekwama.

Tukaenda kwa fundi simu wa Igoma. Akatufungulia akaunti moja ya mtandaoni ya kikundi kizima, akaiingiza kwenye simu ya kila mmoja wetu. Akatueleza vizuri sana, sina lawama naye. Namba utakayohifadhi kwenye akaunti hii inapanda mtandaoni, kisha inashuka kwenye simu za wenzako wote. Ukirekebisha, inarekebika kwa wote. Ukifuta, inafutika kwa wote. Mambo yako ya nyumbani, akasema, hifadhi kwenye laini yako, yasichanganyike na ya kikundi.

Hilo la mwisho halikumwingia mtu. Simu yenyewe ilikuwa ikihifadhi kila kitu kwenye akaunti usipoiambia vingine, na nani ana muda wa kuiambia, mikono ina magamba? Kwa hiyo ndani ya kitabu chetu cha pamoja wakaingia mashemeji, mawifi, wachungaji na fundi nguo. Na sisi watu wa Mwaloni hatuandiki majina. Tunaandika mtu anachofanya au anavyotuhusu: Kaka Mitumbwi, Mzee Injini, Dereva wa Nyakato, Baba Karabai, Mama, Dada, Fundi. Na wanne kati yetu, kila mmoja kwa wakati wake, waliandika Mume Wangu.

Mwenyekiti hakupenda kuona jina moja linajirudia. Simu yake ilikuwa ikimletea kila mara pendekezo la kuunganisha walio na majina yanayofanana. Asubuhi moja, akiwa anasubiri chai, akakubali yote kwa mkupuo. Simu ikatii. Kina Mama wote wakawa Mama mmoja mwenye namba rundo. Mafundi wote wakawa fundi mmoja anayeshona nguo, kuezeka nyumba na kutengeneza injini. Na waume wanne wakawa Mume Wangu mmoja, namba nne chini ya jina moja, kwenye simu zetu zote.

Tulicheka wiki nzima. Mmoja wetu alitaka kumsalimia mama yake aliyeko Magu, akajikuta anaongea na mama mkwe wa mwenzake, wakaendelea kuongea kwa sababu walipendana. Nilimwambia mwenyekiti atengue, mtandao unaruhusu kurudi nyuma, na uamuzi ni wake yeye aliyeunganisha. Akaitazama simu yake kwa upole, akasema imependeza hivyo ilivyo. Namba mpya zilikuwa zinaongezeka kila siku, na ukirudisha kitabu nyuma zile zilizoingia baadaye zinapotea, kwa hiyo kadiri tulivyochelewa ndivyo ilivyozidi kuwa ngumu.

Sasa nimlete mama wa mapacha. Alikuwa mdogo kuliko sisi, Msukuma wa kimyakimya mwenye mikono ya haraka, anakaa Igoma na mumewe na watoto wawili. Alianika dagaa vizuri kuliko yeyote. Wake hawakuwa na mchanga. Mumewe alikuwa bwana wa shati lililopigwa pasi ambaye sikuwahi kujua anafanya kazi gani. Nilijua tu kwamba nyumba ile ilikula kutokana na turubai la mkewe, na kwamba alikuwa akija Mwaloni mara mojamoja kusimama pembeni na kutazama nani anamsemesha. Hata kabla ya yote nilikuwa simwagi salamu nyingi kwake.

Dagaa huvuliwa gizani, mwezi ukiwa haupo. Giza likikaribia, kila mmoja wetu alipangiwa watu wa kuwapigia kisiwani ili kuwahi mzigo, na mzigo ukagawanywa kwa waliopiga. Asiye na namba hapigi, asiyepiga hana fungu. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yetu, na ndiyo ilikuwa riziki yake mama wa mapacha.

Jumatatu ya kuanza kupiga, nikafika nikakuta kelele. Kila mtu ananiletea simu usoni. Kaka Mitumbwi hayupo. Mzee Injini hayupo. Wengine walidhani wameibiwa, wengine wakamlaani fundi wa Igoma, na mwenyekiti alikuwa akiniambia kwa sauti ya chini kwamba yeye hajaunganisha kitu kingine chochote, anaapa.

Nikakaa juu ya gunia, nikapitia kitabu taratibu kutoka juu hadi chini. Mama yupo. Dada yupo. Wifi yupo. Mama Ntilie yupo, Bibi Kuni yupo, Shangazi Ilemela yupo. Nikapitia tena. Hakukuwa na kaka, wala baba, wala mzee, wala dereva. Hata mchungaji hakuwepo. Hata Mume Wangu na namba zake nne alikuwa ameondoka. Kitabu kizima cha biashara kilikuwa kimegeuka nyumba ya watawa.

Hitilafu haichagui jinsia. Aliyefanya vile alikaa chini, akasoma jina moja baada ya jingine, na kila alipokuta mwanaume akamtia alama. Kabla sijainua kichwa nilikuwa nimeshajua tunatafuta mtu wa namna gani. Nikawatazama wenzangu mmoja mmoja, nikamwona mama wa mapacha amesimama nyuma ya wote, kanga ameishusha hadi kwenye nyusi, mdomo umevimba upande mmoja.

Wote tulikuwa tumeuona ule mdomo tangu alipofika. Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Ninapokumbuka siku ile, huwa sichefuki kwa sababu ya yule bwana peke yake.

"Ni simu yako?" nikamuuliza.

"Ni simu yangu, katibu. Si mimi."

Akaeleza kwa maneno machache. Jumapili mumewe alikuwa haoni simu yake mwenyewe ndani ya nyumba. Akachukua ya mkewe ili aipigie isikike inalia. Akabonyeza Mume Wangu, na simu ikamuuliza anamaanisha namba ipi kati ya nne. Yake ilikuwa ya tatu. Hakutaka kusikia habari ya kikundi wala ya kuunganisha. Alimpiga kwanza, kisha akakaa kitandani na simu akaisafisha. Ndivyo alivyosema: kuisafisha. Simu ilimuonya kwamba watu hawa watafutika kwenye vifaa vyote, naye akabonyeza ndiyo, kwa sababu vifaa vyote kwake ilikuwa ni mkewe.

Tuliokolewa asubuhi ile na mwenzetu ambaye kifurushi chake cha intaneti kilikuwa kimeisha tangu Jumamosi. Simu yake haikuwa imepata habari. Ndani yake wanaume wote walikuwa bado wazima. Nikamkataza kabisa asiunge kifurushi wala asiwashe data, maana ingewasiliana na mtandao tu, nayo ingefuta. Tukamzunguka, akawa anatusomea namba, sisi tunapiga. Mzigo wa giza tuliuwahi. Lakini mtu hawezi kuishi bila intaneti ili awe kabati la wenzake, kwa hiyo jioni tukaitisha kikao.

Yule bwana hakuitwa, alikuja mwenyewe. Alisikia kuna kikao akadhani ni cha kumshukuru. Alivuta kiti cha plastiki akakaa, akakunja nne, na baadhi ya wenzangu, Mungu anisamehe, wakamwambia karibu shemeji. Mmoja alimpa soda.

"Mama zangu shikamooni," akasema. "Mimi si mtu wa ugomvi. Lakini mtu ukikuta mkeo ana wanaume wote wale, na waume wanne wa kuandikwa kabisa, utafanyaje?"

Nikamweleza. Nilimweleza kama ninavyomweleza mtoto, kwa sababu nilitaka asipate pa kujificha. Nikawaita wenzetu watatu wengine walioandika Mume Wangu, kila mmoja akataja namba ya mumewe, nami nikazisoma kutoka kwenye simu iliyokuwa haina kifurushi. Zote zilikuwepo chini ya jina lile, na ya tatu ni yake. Nilimwambia hata Mzee Injini, ambaye alimfuta pamoja na wengine, ana wajukuu wanaosoma sekondari. Alinisikiliza, akanywa soda. Nilimwona wazi kwamba ameelewa. Hilo ndilo lililonitia kinyaa kuliko yote: alielewa, na haikubadilisha chochote.

"Sawa, warudisheni," akasema. "Lakini kwenye simu ya mke wangu wasirudi."

Nikasema mtandao hauna mlango wa namna hiyo. Waliofutwa wako kwenye pipa la taka la akaunti, wanakaa humo siku thelathini kabla ya kupotea kabisa. Nikiwatoa, wanashuka kwenye kila simu yenye akaunti yetu, na ya mama wa mapacha ikiwemo. Njia ya kumtenga ni moja tu, kuiondoa akaunti kwenye simu yake. Hiyo haimfutii mtu mwingine chochote. Ni yeye tu anabaki bila kitabu.

"Kumbe kuna hiyo," akasema, na akaonekana kweli kupendezwa. "Basi mngeniambia mapema."

Mwenyekiti akashusha pumzi. Akasema kwa sauti yake ya kupanga magunia kwamba basi tuiondoe akaunti, yaishe, ndoa ya mtu si ya kuingiliwa, na mwenzetu atakuwa akisaidiwa namba atakapohitaji. Vichwa vikatikisika kukubali. Nikatazama vile vichwa. Wanawake waliovuka ziwa na mawimbi yake, waliogombana na wenye maboti na maaskari wa ushuru, wanatikisa vichwa kwa sababu ya shati la pasi.

"Asaidiwe na nani?" nikauliza. "Giza likianza nani atakaa amsomee? Mkimtoa kwenye kitabu mmemtoa kwenye fungu, semeni hivyo kwa mdomo, msijifiche kwenye simu."

Mwenyekiti aliangalia viatu vyake. Yule bwana akanitazama, akatabasamu, akasema, "Katibu una hasira. Ungekuwa na mume ungeelewa."

Ndipo mama wa mapacha akaja mbele. Hakutoa machozi wala hakupaza sauti. Aliiweka simu yake juu ya gunia, mbele ya magoti ya mumewe, kioo kikitazama juu, akawasha data.

"Warudishe, katibu," akasema. "Hii simu isiondolewe."

"Unasikia ninachosema?" mumewe akamuuliza.

"Nimesikia. Katibu, warudishe."

Sikumsubiri mwenyekiti. Nilikuwa na akaunti imefunguka kwenye simu yangu, nikaingia kwenye pipa, nikawatia alama wote, nikabonyeza kurudisha. Haikuchukua muda. Kwenye simu iliyolala juu ya gunia wakaanza kuonekana: Baba Karabai, Dereva wa Nyakato, Kaka Mitumbwi, Mchungaji, Mzee Injini. Yule bwana alikuwa anawatazama wakijaa mbele ya mkewe, chupa ameishika mkononi. Mume Wangu naye akarudi kama alivyoondoka, namba nne chini ya jina moja. Pipa hurudisha kitu kilivyotupwa. Halitengui kilichounganishwa kabla.

Mama wa mapacha akainama, akalifungua lile jina, akaingia sehemu ya kurekebisha. Akaniuliza bila kuinua macho.

"Nikiondoa namba moja humu, wale wengine watatu wanabaki?"

"Wanabaki."

"Na hiyo moja inaondoka kwenye simu zenu zote?"

"Kwenye zote."

Akaiondoa ya tatu, akahifadhi. Kisha akaichukua simu yake, akaitia kifuani, akaenda kukunja turubai lake. Mumewe alibaki pale na soda. Hakuna aliyemwambia ameze au ateme, na baadaye aliweka chupa chini akaondoka.

Sitaki kudanganya kwamba tulibadilika siku ile. Wapo waliosema amezidi, mwanamke hafuti mume hadharani. Mwenyekiti alinikasirikia mwezi mzima, ingawa aliacha kukubali mapendekezo ya simu yake, na wale wenzetu watatu wakahamishia waume zao kwenye laini bila kuambiwa tena. Mama wa mapacha alipata fungu lake la giza lile. Lile lililofuata alikuwa ameshahamia Ilemela kwa dada yake, na watoto wote wawili, na dagaa wake waliendelea kuwa hawana mchanga.

Yule bwana alinipigia mchana mmoja. Namba yangu anaijua kila mtu, imeandikwa ubaoni Mwaloni. Nilikuwa nashona gunia, simu ikaita, nikatazama kioo, nikakuta tarakimu tupu.

"Nani mwenzangu?" nikauliza, ingawa alipokohoa tu nilikuwa nimeshamtambua.

"Katibu, ni mimi. Naomba unisaidie namba yake mpya. Au mwambie tu anipigie, mume wake."

Nikaitoa simu sikioni, nikaitazama tena ili niwe na uhakika na ninachosema.

"Hapa kwetu hakuna mtu wa jina hilo," nikamwambia, nikakata, nikaipangusa simu na kanga pande zote mbili.